Miaka ya Katikati

Aikande Munisi alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha kushona sare pale Moshi mjini. Alitunza mafaili ya watu mia tatu na kumi, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua siri za mishahara ya kiwanda kile kumzidi. Ukimtajia cheo chochote, alikueleza mtu huanzia wapi, huongezwa kiasi gani kila mwezi wa saba, na mwisho wake uko wapi. Alijua kwamba dereva huanza vizuri, ila baada ya miaka kumi amefika ukutani. Mfagiaji huanzia mahali na kustaafia palepale. Mhandisi naye, akiingia, humzidi dereva kidogo tu, na vijana humcheka kwamba alisoma bure. Baada ya miaka ishirini hawamwoni tena, yuko juu mno.

Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyaona mwenyewe kwa kufungua faili moja baada ya jingine, akilinganisha barua ya ajira iliyoko chini kabisa na barua ya mwisho iliyoko juu. Hakuwa ameolewa na hakuwa na mtoto. Baba yao alikuwa amefariki mwaka wa themanini na moja, akaacha kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule Masama, mama mwenye kifua kibovu, na wadogo wawili: Ezra na Doris. Aikande ndiye aliyekuwa na mshahara, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na neno.

Mwaka wa themanini na sita, mvua za masika zikiwa zinaishia, Ezra alipokea barua mbili wiki moja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa na miaka kumi na minane. Barua ya kwanza ilimwita kidato cha tano, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na kila mwalimu aliyemfundisha alisema huyo ni daktari. Ya pili ilitoka shirika la umeme. Ilimpa nafasi ya uanagenzi wa miaka mitatu hapo hapo Moshi, posho ikianza mwezi wa kwanza, na kazi akishafaulu majaribio ya ufundi.

Aikande alipanda Masama Jumamosi ile akiwa na karatasi ya miraba aliyoichukua ofisini. Alimkuta mama yao jikoni, kwenye kibanda cha majani makavu ya migomba kisicho na dirisha, akipika ndizi. Moshi ulikuwa umejaa hadi kwenye paa. Mama alikuwa akikohoa, anaacha, anachochea kuni, anakohoa tena. Doris, mwenye miaka tisa, alikuwa mlangoni akimenya ndizi huku akihesabu kwa sauti, maana huyo mtoto alihesabu kila kitu.

"Dada, mimi nataka umeme," Ezra alisema, hata kabla ya kumaliza kusalimiana.

"Unataka umeme, au unataka hela?"

"Nataka hela ya mapema. Doris ataingia sekondari mwaka wa tisini na mbili. Na Mama nataka nimtoe kwenye huu moshi. Nimjengee jiko la matofali lenye bomba, kabla kifua hakijaharibika kabisa. Nikiwa fundi nitaweza. Miaka minne, mitano, nitakuwa nimemaliza yote mawili."

Aikande alimsikia. Baadaye alikumbuka kila neno la siku ile, hivyo hakuweza kujidanganya kwamba hakusikia. Lakini alilichukulia kama neno la mtoto mwenye huruma, akakunjua karatasi yake juu ya kigoda.

"Tazama hapa," alisema. "Huku chini ni miaka. Huku juu ni mshahara. Huyu ni fundi."

Akachora mstari ulioanzia mwanzoni kabisa mwa karatasi, chini, ukapanda kama ngazi: daraja la tatu, la pili, la kwanza. Ulipofika katikati ya karatasi ukalala.

"Mbona umelala?" Ezra aliuliza.

"Daraja la kwanza ndilo la mwisho. Baada ya hapo unasubiri serikali iongeze watu wote. Atafika hapo kwenye miaka thelathini na kitu, na atakaa hapo mpaka anastaafu. Sasa daktari huyu hapa." Kalamu ilitembea chini kabisa ya karatasi bila kuinuka, miraba minane hivi. "Kidato cha tano na cha sita, jeshi la kujenga taifa mwaka mmoja, chuo miaka mitano. Hapati kitu. Kisha anaanza, na anaanzia karibu na pale fundi alipolala. Akiongeza ubingwa, anaenda huku." Mstari ukapanda, ukatoka nje ya miraba, ukaingia kwenye ukingo mweupe wa karatasi.

"Wanakutana wapi?"

"Mshahara wa mwezi kwa mwezi, wanakutana hapa, mwaka wa kumi hivi. Lakini ukijumlisha kila walichopata tangu leo, fundi bado yuko mbele, maana amekuwa akila wakati mwenzake anasoma. Daktari anamfikia mwaka wa kumi na tano. Utakuwa na miaka thelathini na mitatu. Baada ya hapo una miaka zaidi ya ishirini ya kazi, na fundi hakufikii tena."

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Ezra aliitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu, kati ya mwanzo wa karatasi na ule mstari unaopanda.

"Na hii miaka ya katikati? Nani anamsomesha Doris?"

"Hiyo ni yangu," Aikande alisema. Akachora mstari wa tatu, wa chini chini, uliokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. "Mshahara wangu haupandi sana, ila haukatiki. Nitamsomesha Doris kwa huu. Na jiko la Mama utalijenga wewe, zuri zaidi, la daktari."

Mama alitoka jikoni akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Msikilize dada yako, mwanangu," alisema. "Sisi wengine haya hatuyajui. Mimi moshi huu nimeuzoea."

Ezra akaenda kidato cha tano. Ile nafasi ya uanagenzi ikachukuliwa na aliyekuwa akimfuata kwenye orodha, Hosea, mtoto wa jirani yao, aliyekuwa wa kumi na tisa darasani wakati Ezra akiwa wa kwanza.

*

Miaka ya mwanzo ilikwenda kama ilivyochorwa. Ezra alifaulu, akaenda jeshi, akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Aikande aliongezwa kila mwezi wa saba, kama kawaida. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo karatasi ya miraba haikulionyesha. Nyongeza ilikuwa senti kadhaa kwa kila shilingi, na sukari, nauli na mafuta ya taa vilipanda mara nne, mara tano ya hizo. Kwenye faili lake mshahara ulikuwa unapanda. Sokoni ulikuwa unashuka. Aikande aliliona mapema kuliko wengine na akafanya anachoweza: akahama vyumba viwili vya karibu na stendi akapanga kimoja Shirimatunda, pembeni mwa mji, akaanza kwenda kazini kwa miguu.

Jiko la matofali aliliwaza. Mara mbili alikusanya hela ya matofali, na mara mbili ikaenda kwa daktari wa kifua na dawa za Mama.

Hosea alimaliza uanagenzi mwaka wa themanini na tisa. Mwaka wa tisini na moja alipata daraja la pili. Watu walikuwa wanajenga kila upande wa mlima, wenye maduka na wenye magari ya watalii, na kila nyumba ilihitaji nyaya. Jumamosi na Jumapili baada ya ibada Hosea alifanya kazi za pembeni, na kazi za pembeni zilimlipa kuliko shirika. Mwaka wa tisini na mbili mama yake alikuwa na jiko la matofali lenye bomba la bati juu ya paa. Mama Munisi alikwenda kuliangalia, akarudi akalisifu, kisha akaingia kwenye kibanda chake kuwasha kuni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Doris alikuwa amefaulu darasa la saba, wa kwanza shuleni kwao kwa hesabu. Nafasi za serikali zilikuwa chache mno kwa watoto wa mkoa ule, hakuchaguliwa. Aikande akampeleka sekondari ya kulipia, akalipa mwaka wa kwanza, akalipa wa pili.

Mitumba ndiyo iliyokiua kiwanda. Mashati kutoka nje yaliingia kwa marobota, yakauzwa kwa bei isiyofika hata ya kitambaa na uzi. Shule zikaacha kuagiza sare, wazazi wakanunua popote. Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na tatu meneja alimwita Aikande, akamwambia afunge mlango, akampa daftari.

"Tunapunguza watu mia moja na arobaini," alisema. "Piga chapa orodha. Naomba isitoke humu ndani mpaka Ijumaa."

Aikande aliketi kwenye mashine akaanza kupiga. Jina, namba ya faili, cheo, tarehe ya kuajiriwa. Alipofika namba tisini na sita alipiga A, i, k, kisha akatoa mikono kwenye mashine akaiweka mapajani. Kisha akamalizia jina lake, akapiga tarehe yake ya kuajiriwa, akaendelea na wa tisini na saba.

Kiinua mgongo alikuwa amewakokotolea watu wengi, na alijua kinavyokuja. Kilihesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, bila posho ya nyumba wala ya usafiri, na mshahara wa msingi ulikuwa ule ulioliwa na bei za sokoni. Kwa miaka kumi na sita ya kazi alipata fedha ambayo, mwaka ule wa karatasi ya miraba, ingenunua kiwanja na kukijengea. Sasa ilitosha kulipia karo ya Doris iliyobaki mwaka ule, dawa za Mama, na robota moja la mashati. Akatafuta nafasi sokoni Bomang'ombe, akayatandika mashati juu ya turubai, akaanza kuuza.

Kwa Ezra hakuandika. Alikuwa ameingia mwaka wa mwisho. Akimwandikia, ataacha, alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Baada ya Krismasi Doris alimfuata pale sokoni. Alikuwa ametoka kupokea matokeo ya kidato cha pili, amefaulu vizuri.

"Dada, usitafute karo," alisema. "Salvina wa kwa mzee Swai anafanya kazi shamba la maua, njia ya Arusha. Wanachukua wasichana. Wanalipa kila wiki mbili."

"Wanalipa kiasi gani?"

Doris akamtajia.

"Na mwaka wa pili?"

"Sijauliza."

"Mimi nakwambia. Mwaka wa pili ni hiyohiyo. Mwaka wa kumi ni hiyohiyo. Kibarua hana ngazi, Doris. Hana faili. Hata ukifanya kazi kuliko wote, hakuna mahali pa kukuandika." Alikunja upya shati lililokwisha kukunjwa. "Nipe mwaka mmoja. Ezra anamaliza."

"Anamaliza kusoma. Hajaanza kulipwa," Doris alisema kwa upole. "Mama ana dawa za wiki moja. Wewe leo umeuza mashati mangapi?"

Aikande alikuwa ameuza mawili. Wiki iliyofuata Doris akaanza kukata maua. Alikuwa na miaka kumi na saba.

*

Ezra alirudi nyumbani mwezi wa tisa, amemaliza mitihani. Mama alimpokea kwa kilio cha furaha, majirani wakaja kumshika mkono daktari. Jioni Doris akaingia kutoka shambani. Vidole vyake vilikuwa vimechanika na nguo zake zilinuka dawa ya kupulizia. Ezra akamtazama, akamtazama dada yake mkubwa, akarudi kuwaaga wageni.

Asubuhi alimkuta Aikande anafunga mzigo wa mashati.

"Doris yuko shamba la maua tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na kiwanda?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa kumi."

Ezra aliketi kwenye jiwe la kunolea panga. "Barua tatu uliniandikia mwaka huu, Dada. Zote ulisema wote wazima."

"Ningekwambia ungeacha masomo."

"Ndiyo. Ningeacha, au ningesimamisha mwaka mmoja nikafundisha hata sekondari za kulipia. Ilikuwa haki yangu kuamua." Hakupaza sauti, na hilo lilimwumiza Aikande zaidi. "Mimi nilikwambia ninataka nini, pale pale, kigodani. Ukanionyesha nitakuwa nani nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Doris hakuwa na miaka hiyo yote ya kunisubiri."

Mwaka wa mazoezi hospitalini alilipwa posho ndogo. Mwaka wa tisini na tano akaajiriwa, akapangiwa hospitali ya wilaya, mbali, safari ya siku mbili. Mshahara wa daktari anayeanza ulimlipia chumba, chakula, na kidogo cha kutuma nyumbani. Ulikuwa unazidi wa Hosea, kama karatasi ilivyosema. Ila Hosea alikuwa na miaka sita ya kazi na nyumba yake mwenyewe, na Ezra alikuwa hana hata kitanda. Alimwandikia Doris arudi shule. Doris akajibu kwamba ana miaka kumi na minane, wenzake wa kidato cha tatu wana kumi na tano, na isitoshe hela Ezra anayoituma inatosha muhula mmoja tu kwa mwaka.

Mwezi wa nne mwaka wa tisini na sita Ezra alituma hela ya matofali. Yalipakuliwa uani, matofali mia nne, yakafunikwa majani ya migomba kwa sababu ya masika. Fundi akasema hawezi kuanza mpaka mvua ikatike. Mama aliendelea kupika kwenye kibanda kile, kuni zikiwa mbichi, na mwezi wa tano kifua kikamkamata, kikakataa kumwachia.

Ezra aliwahi kufika. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kipimo mgongoni mwa mama yake, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudia tena kama vile hakuamini masikio yake. Aikande alikuwa amesimama mlangoni, na alimwona mdogo wake anavyokunja kile kipimo polepole. Mama akafariki siku ya tatu, Jumatano mchana. Waombolezaji walikalia yale matofali, kwa kuwa viti havikutosha.

*

Mwaka wa tisini na nane Ezra alipata nafasi ya kusomea ubingwa, miaka mitatu mingine ya kipato kidogo. Alimwuliza Aikande maoni yake. Aikande akamwambia aamue mwenyewe. Alikuwa ameacha kumshauri mtu kuhusu mishahara. Sokoni wanawake wenzake hawakujua hata kwamba aliwahi kushika kazi ya ofisi.

Ezra akaenda, akamaliza, na mwishoni mwa mwaka elfu mbili na moja akawa bingwa wa magonjwa ya kifua. Mstari ukapanda kama ulivyochorwa. Mchana alikuwa hospitalini, jioni zahanati ya watu binafsi, na kwa mwezi mmoja alipata kile ambacho Hosea alipata kwa miezi mitano. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Siku moja Hosea alipita kwa Aikande kutafuta shati la kazi. Alikuwa amenenepa kidogo na mvi zimeanza karibu na masikio.

"Shikamoo, Dada Aikande. Daktari hajambo? Nasikia anajenga huko juu."

"Marahaba. Hajambo. Na wewe unaendeleaje?"

"Mimi nilishafika mwisho wangu. Daraja la kwanza nililipata miaka mitatu iliyopita, tangu hapo ni palepale, na kazi za pembeni siku hizi vijana ni wengi." Aliinua shati akalitazama kwenye mwanga. "Naona wakati mwingine ningesoma zaidi. Lakini wadogo zangu watatu wamemaliza kidato cha nne, na mama yuko pale anapika. Siwezi kusema nilikosea."

Aikande alimpunguzia bei. Hosea alipoondoka, Aikande alipanga upya mashati yaleyale hadi mwenzake wa meza ya jirani akamwuliza kama anaumwa.

Nyumba ya Ezra ilikamilika mwaka uliofuata: vyumba vinne, mabati mekundu, jiko la ndani lenye vigae. Alimwomba Aikande ahamie. Aikande akakataa, akasema biashara yake iko Bomang'ombe. Ezra mwenyewe alikuja siku mbili kila mwaka, nyumba ikafungwa.

Kisha Ezra akaja kwa ajili ya Doris. Walikutana watatu chumbani kwa Aikande, Jumapili baada ya ibada. Doris alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, Loveness, na baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka. Bado alikuwa anakata maua, mwaka wa kumi. Mshahara ulikuwa umebadilishwa mara mbili, kila mara kwa wote, mgeni na mkongwe sawa.

"Rudi shule, Doris," Ezra alisema. "Kidato cha tatu mpaka cha sita, kisha chuo. Uhasibu, chochote unachotaka. Nalipa kila kitu, na mtoto nitamtunza. Sasa ninaweza."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Saba. Minane."

Doris alimtazama kaka yake kwa mapenzi. "Nitakuwa na thelathini na nne, na nitakuwa naanza. Ungeniambia hivi nina kumi na saba, ningekimbia mpaka shuleni bila viatu. Sasa hivi nimechoka, Kaka. Siwezi tena kungoja kitu cha mbali hivyo."

Ezra akainamisha kichwa. Aliyekuja na fedha yote ile alionekana kama mtu aliyefika stendi basi limeshaondoka. Ndipo Aikande, ambaye hakuwa ametia neno, akamgeukia mdogo wake.

"Doris, hela unaitaka kwa ajili ya nini? Na unaitaka lini?"

Midomo ya Doris ilicheza, akihesabu kama alivyohesabu utotoni.

"Loveness anaanza darasa la kwanza baada ya miaka mitatu," alisema mwishowe. "Nataka siku hiyo niwe nalala naye chumba kimoja, si kambini kwa wakata maua. Nataka mshahara unaokuja hata mvua ikinyesha, hata nikiumwa. Hata ukiwa mdogo. Na nataka uwe unapanda, japo kidogo, ili akifika sekondari uwe umefika mahali. Ukubwa siutafuti."

Aikande akamweleza, polepole, bila karatasi. Kulikuwa na kozi ya uhudumu wa afya, mwaka mmoja, wanapokea hata wa darasa la saba. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, kuosha vifaa na kubeba wagonjwa. Ngazi yake huanzia chini na huishia chini, hatakuwa tajiri hata siku moja. Lakini ina barua ya ajira, ina nyongeza ya mwaka, ina likizo ya ugonjwa, na ina pensheni.

"Ungeweza kuwa mkubwa kuliko hapo," alimalizia. "Nataka ujue kwamba ninalijua hilo. Wewe ndiye uliyekuwa na hesabu kuliko sisi wote."

"Najua, Dada."

"Mimi ndiye niliye..."

"Najua," Doris alisema tena, akaweka mkono juu ya goti la dada yake.

Ezra alilipa ada ya mwaka ule mmoja. Alitaka kulipa zaidi, na hakukuwa na cha zaidi cha kulipia. Doris alisoma na wasichana wa miaka kumi na minane waliomwita mama, akafaulu, akapata kazi katika kituo cha afya si mbali na Bomang'ombe.

Siku ya mshahara wake wa kwanza alipita sokoni mchana, ametoka zamu ya asubuhi. Alinunua ndizi mbili za kuchoma, moja akampa Aikande, akaketi juu ya robota ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Alianza kusimulia habari za mgonjwa mmoja mzee, hakufika mbali, kichwa kikaegemea nguzo ya kibanda, akalala na ndizi mkononi.

Aikande alimtoa ile ndizi, akaifunga kwenye gazeti. Mteja alikuja akauliza bei ya shati la mistari. Aikande akamjibu kwa sauti ya chini, na mteja alipotaka kubishana naye akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha aliyelala. Yule mteja akalipa bei aliyotajiwa, akaenda zake.